Uzi: Maji ya mfereji au chupa ya rangi? Saa moja na robo ya mpira Maisara inataka nini hasa

winga_mstaafu

Assalaam alaykum wana jukwaa.

Miye nina miaka 43, kazi yangu ya kukaa kitako ofisini, na mara nne kwa wiki nacheza mpira na maveterani wenzangu pale Maisara. Tunaanza saa 10:45 alasiri, tunamaliza saa 12 jioni, tunawahi Maghribi. Kwa kaskazi hii ya Januari mnajua wenyewe hali ilivyo, jezi unaikamua kama ulichovya baharini.

Tangu Novemba kuna vijana wametuambia maji matupu hayafai, eti yanaosha chumvi mwilini, na ndiyo sababu wazee tunakufa kipindi cha pili. Nikaanza kununua zile chupa za wanamichezo, za buluu na za rangi ya chungwa. Moja naimaliza uwanjani, nyengine nyumbani nikishakoga. Juzi nimepanda mizani ya mke wangu: nimeongezeka kilo moja na nusu. Nacheza mpira mara nne kwa wiki na kitambi kinazidi kuja mbele!

Suali langu ni hili. Nikirudi kwenye maji ya mfereji yaliyochemshwa, nitapungukiwa na chumvi kweli, au nimeliwa pesa zangu bure?

dogo_kikwajuni

Waalaykum salaam ami. Hujaliwa pesa. Angalia jezi yako nyeusi ikikauka, utaona mistari myeupe mgongoni. Ile ni chumvi imetoka mwilini mwako. Sasa ukinywa maji matupu juu yake, unazidi kuizimua iliyobaki. Sisi kwenye timu yetu mwalimu hataki kuona maji uwanjani, anataka kinywaji chenye chumvi na sukari. Kitambi chako ni cha biriani za sikukuu, usisingizie chupa.

winga_mstaafu

Dogo, miye biriani nakula tangu hujazaliwa na kitambi hakikuwepo.

Bi_Lishe

Kaka winga, kabla ya kubishana chukua hiyo chupa yako uigeuze nyuma, usome maandishi madogo. Niambie ina mililita ngapi, sukari kiasi gani kwa kila mililita 100, na sodiamu kiasi gani. Nimefanya kazi ya lishe na timu za mpira kwa miaka kadhaa, na suala hili haliishi, lakini jibu lake nusu limeshachapwa kwenye chupa yenyewe.

winga_mstaafu

Nimeitoa kwenye ndoo ya taka, nasoma hapa kwa tochi ya simu. Mililita 500. Sukari gramu 6 kwa kila mililita 100. Sodiamu miligramu 50 kwa kila mililita 100.

Bi_Lishe

Ahsante. Basi chupa nzima ina sukari gramu 30, yaani kama vijiko saba vya chai vilivyosawazishwa, na kidogo juu yake. Wewe unakunywa mbili kwa siku, siku nne kwa wiki, chupa nane. Hiyo ni gramu 240. Nenda dukani kwa muuza rejareja, mwambie akupimie robo kilo ya sukari kwenye mfuko, uushike mkononi. Ndiyo unayoimeza kila wiki juu ya chakula chako cha kawaida, na umeanza tangu Novemba. Biriani haina kosa.

Sasa chumvi. Sodiamu yote kwenye chupa ni miligramu 250. Ukiigeuza kuwa chumvi ya jikoni haifiki hata gramu moja, ni kama sehemu ya kumi ya kijiko cha chai. Kwa hiyo hata huyo anayesema unakunywa kurudisha chumvi, chumvi yenyewe humo ni ya kuonjea tu. Kinywaji hiki kimejaa maji na sukari, chumvi ni mgeni mwalikwa.

Dogo amesema kweli kwamba jasho linatoa chumvi. Alipokosea ni hapo kwenye kuzimua. Jasho lina chumvi, lakini ni jepesi kuliko damu. Kwa watu wengi chumvi ya jasho ni kama theluthi ya ile ya damu, na wale wenye jasho kali inaweza kufika nusu. Sasa fikiri mchuzi uliouacha jikoni unachemka bila ya kifuniko. Maji yanapanda, mchuzi unapungua, ukiuonja unaukuta umekolea chumvi. Utatia nini, chumvi au maji? Mtu aliyetoka jasho saa moja ni huo mchuzi. Maji yametoka mengi kuliko chumvi, damu yake imekolea, ndiyo maana anaona kiu. Anachotaka ni maji. Chumvi iliyotoka atairudisha kwenye chakula cha usiku bila hata kujua.

dogo_kikwajuni

Sasa Bi Lishe, kama ni hivyo kwa nini vilitengenezwa?

Bi_Lishe

Suali zuri. Cha kwanza kilichopata umaarufu kilitengenezwa mwaka 1965 kwenye Chuo Kikuu cha Florida, kwa timu ya chuo ya ule mpira wao wa Kimarekani. Vijana wale walikuwa wanacheza kwenye joto na unyevu, wamevaa kofia ngumu na mavazi mazito, mazoezi na mechi za masaa. Kwa watu kama wale kina maana. Tatizo ni kwamba kimetoka uwanjani kwao kikafika kwa mtu anayetembea kwa miguu Mnazi Mmoja nusu saa.

mama_pacha

Samahanini nami naingia. Mwanangu wa miaka miwili anaharisha tangu jana usiku. Kumbe hizi chupa zina chumvi na sukari, basi si ndiyo zilezile kama dawa ya kuharisha? Ninayo moja kwenye friji, nimpe?

Bi_Lishe

Mama pacha, hapana, usimpe hiyo. Nakujibu wewe kwanza, kina winga watasubiri.

Dawa ya chumvichumvi, ile pakiti inayoandikwa ORS, ina chumvi nyingi mara tatu au zaidi kuliko chupa ya mwanamichezo, na sukari yake ni ndogo sana, gramu 13 na nusu tu kwa lita. Hiyo chupa ya friji ina gramu 60 kwa lita. Sukari ikiwa nyingi hivyo kwenye utumbo wa mtoto anayeharisha, inavuta maji kutoka mwilini kuingia tumboni, na kuharisha kunazidi. Kwenye pakiti vipimo vimewekwa kwa makusudi: sukari kidogo na sodiamu zinapita pamoja kwenye ukuta wa utumbo, na maji yanazifuata. Ukivuruga kipimo, faida inapotea.

Changanya pakiti kwenye maji safi kwa kipimo kilichoandikwa juu yake, mpe kidogokidogo kwa kijiko, na umnyonyeshe kama bado ananyonya. Kituo cha afya watakupa na vidonge vya zinki. Akiwa analegea, macho yameingia ndani, hataki kunywa, anatapika kila kitu au choo kina damu, usingoje asubuhi, mpeleke sasa hivi.

mama_pacha

Pakiti ninayo. Allah akulipe kheri.

Bi_Lishe

Amin. Turudi Maisara. Kaka winga, sitaki uniamini kwa maneno. Mizani ya mke wako inatosha. Kesho kabla ya kwenda uwanjani nenda haja ndogo, kisha jipime. Kwenye mpira kunywa utakavyo, lakini ujue umekunywa kiasi gani. Ukirudi, kabla ya kukoga na kabla ya kula, jipime tena. Kila kilo iliyopungua ni lita moja ya maji. Ongeza na ulichokunywa, utapata jasho lako.

winga_mstaafu

Nimejipima leo. Kwenda 78.4, kurudi 77.8. Nimekunywa nusu lita ya maji. Ina maana jasho langu lote ni lita 1.1? Siamini, nimelowa chapachapa.

Bi_Lishe

Umejipima na nini mwilini?

winga_mstaafu

Na jezi, bukta na soksi, kama nilivyokwenda.

Bi_Lishe

Basi umepima jasho lako pamoja na wewe! Ulikwenda na jezi kavu, umerudi na jezi iliyolowa. Lile jasho limetoka mwilini lakini bado liko kwenye kitambaa, na mizani haijui tofauti. Rudia keshokutwa. Kwenda na kurudi ujipime na kitambaa kikavu tu, na ujifute kwanza kwa taulo.

fundi_baiskeli

Nimecheka peke yangu gereji hapa. Miye niliwahi kujipima na chupa ya maji mfukoni.

winga_mstaafu

Haya, leo nimefanya kama nilivyoambiwa. Kwenda 78.4. Kurudi, nimejifuta, shuka kavu tu, 77.3. Maji nusu lita. Haja sijakwenda katikati. Na jezi na soksi nimezipima peke yake baadaye, zimezidi karibu nusu kilo kuliko zilivyokuwa kavu. Mke wangu ameniuliza kama nimeanza kuuza nguo kwa kilo.

Bi_Lishe

Sasa tunazungumza. Umepungua kilo 1.1, umekunywa lita 0.5, jasho lako ni lita 1.6 kwa saa moja na robo. Ni jasho jingi, lakini kwa kaskazi ya kwetu sishangai. Hewa imejaa unyevu, jasho linatiririka tu halikauki. Na jasho linalodondoka chini halipozi mwili, linalopoza ni lile linalokauka juu ya ngozi. Kwa hiyo mwili unazidi kulimwaga bila ya kupata faida yake.

Hiyo kilo 1.1 kwenye 78.4 ni kama asilimia 1.4 ya uzito wako. Kwa kawaida tunaanza kuwa na wasiwasi wa miguu kuwa mizito na kichwa kupoteza umakini mtu akivuka asilimia 2, hasa kwenye joto. Wewe hujafika. Ukinywa gilasi moja zaidi wakati wa mapumziko, basi. Huna haja ya kurudisha yote uwanjani.

Chumvi iliyotoka kwenye lita 1.6 za jasho la mtu wa wastani ni kama gramu 4, theluthi mbili ya kijiko cha chai. Usiku unakula nini?

winga_mstaafu

Leo boflo na mchuzi wa pweza. Juzi urojo, na bajia zake.

Bi_Lishe

Basi suala la chumvi limekwisha hapo hapo kwenye bakuli la urojo. Na mpira mwengine unacheza keshokutwa, una siku mbili za chai, wali na mchuzi kabla hujatoka jasho tena. Sukari pia huihitaji kwa saa moja na robo. Misuli na ini zina akiba ya wanga inayomchukua mtu saa moja na nusu mpaka mbili za kazi ya wastani, kama amekula mchana.

dogo_kikwajuni

Naomba haki yangu kidogo. Sisi tunafanya mazoezi saa mbili na zaidi, na mwezi uliopita kwenye bonanza tumecheza mechi mbili siku moja, saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri. Waliokunywa maji tu mechi ya pili walikuwa wanatembea. Na jambo jengine, chenye ladha unakunywa zaidi. Maji yakipata moto juani nani anayataka?

Bi_Lishe

Haki yako naitoa yote, dogo. Kwenye siku kama hiyo ya bonanza ndipo chupa ya rangi inapostahili pesa yake. Ukivuka saa moja na nusu ya kukimbia kweli, gramu 30 mpaka 60 za wanga kwa saa zinasaidia miguu. Na kati ya mechi mbili una masaa machache tu ya kurudisha maji, akiba ya misuli na chumvi. Hapo unakunywa kama lita moja na nusu kwa kila kilo uliyopungua, kidogokidogo, na unakula chenye chumvi. Ila hata hapo, ndizi mbivu, mkate na maji zingewafanyia kazi. Mechi ya pili walitembea kwa sababu hawakula mchana. Au nimekosea?

dogo_kikwajuni

Walikula baadhi. Wengine walisema wakila watakuwa wazito.

Na la ladha?

Bi_Lishe

La ladha ni kweli, watu hunywa zaidi kilicho baridi na chenye ladha. Kamua ndimu kwenye maji, tia barafu. Kama timu haina pesa, tengenezeni wenyewe kwa ajili ya mechi ndefu: lita moja ya maji safi, vijiko vitano vikubwa vya sukari vilivyosawazishwa kwa kisu, robo kijiko cha chai cha chumvi, na ndimu. Kina sukari kama ile ya chupa na chumvi inayoizidi kidogo.

dogo_kikwajuni

Kumbe. Mimi nyumbani nimezoea vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi.

Bi_Lishe

Hicho ni kipimo cha kuharisha, dogo, si cha mpira! Ndio mkanganyiko ninaoukuta kila mahali. Cha kuharisha ni chumvi nyingi na sukari kidogo, kwa mtu aliyepoteza chumvi kwa njia nyengine. Cha mpira ni kinyume chake. Usimpe mtoto mgonjwa cha mpira, na wewe ukinywa cha kuharisha uwanjani hutakufa, ila utakitema kwa uchumvi.

mbio_za_pwani

Nimesoma uzi wote na nina langu la kuongeza, maana limenikuta miye mwenyewe. Miaka miwili nyuma nilikimbia marathoni nzima, kilomita 42, ya kwanza na pengine ya mwisho. Nilitumia zaidi ya masaa matano. Nimeambiwa kila kituo usipite bila kunywa, nikanywa kila kituo, gilasi mbili mbili. Kilomita ya 30 pete ya ndoa ilikuwa imebana kidole. Nilipomaliza kichwa kinaniuma, nimetapika, naona watu wawili wawili. Wenzangu wakasema huyu kaishiwa maji, wakanipa maji. Nikazidi. Spitali wakapima damu, wakasema chumvi imeshuka mno. Sasa najiuliza, ningekunywa hizi za wanamichezo badala ya maji, yasingenikuta?

Bi_Lishe

Pole sana, na hamdulillahi uko hapa unaandika. Yaliyokukuta yameua watu.

Nitakujibu moja kwa moja: yangeweza kukukuta vilevile. Mwaka 2002 kwenye marathoni ya Boston walipima damu za wakimbiaji 488 walipofika mwisho. Asilimia 13 chumvi yao ilikuwa imeshuka chini ya kiwango. Kilichowatambulisha zaidi ni kuongezeka uzito njiani, yaani wamekunywa kuliko walichotoa. Aina ya kinywaji haikuleta tofauti. Rudi kwenye mchuzi wetu: chupa ya rangi ina chumvi kidogo kuliko jasho la watu wengi, na kidogo sana kuliko damu. Ukiimimina nyingi, bado unazimua. Dogo alikuwa na hofu ya kuzimuka damu, na hofu yenyewe ina ukweli, lakini inamhusu mtu anayekwenda taratibu kwa masaa manne, matano, na kunywa bila ya kiu. Winga wa saa moja na robo na nusu lita yake haimhusu.

Dalili ya kutofautisha ni hiyo uliyoitaja bila kujua: pete. Aliyeishiwa maji hukauka, mdomo mkavu, mkojo kama chai ya mkandaa, na mizani inashuka. Aliyezidiwa na maji vidole huvimba, kichwa kinauma, anatapika, na mizani imepanda au imebaki palepale. Baada ya masaa matano ya kukimbia hakuna sababu ya kuwa mzito kuliko ulivyoondoka nyumbani. Mtu kama huyo hapewi maji zaidi, hata kama wenzake wanamuonea huruma. Anapelekwa spitali, na wenzake waseme pale mlangoni kwamba amekunywa sana, kwa sababu hata dripu ya kawaida si ya kukimbiliwa kabla ya kupima damu.

mbio_za_pwani

Pete waliikata kwa koleo. Nimeiweka kabatini, imekatika hivyo hivyo.

mchuma_wa_Wete

Nyie wa mjini mnazungumzia saa moja. Mie nipo Pemba, msimu wa karafuu naondoka nyumbani baada ya alfajiri narudi alasiri. Juu ya mti, chini ya mti, polo kichwani, jua lote langu. Nnakunywa maji galoni ya lita tano nusu yake au zaidi. Nakula muhogo wa kuchemsha. Usiku nikilala msuli wa mguu unanikaza napiga kelele, watoto wanaamka. Kuna mtu kanambia ninywe enaji asubuhi. Sasa mie ni wa maji au wa chumvi?

Bi_Lishe

Mchuma wangu, kwenye uzi huu mzima wewe ndiye mwenye haki ya chumvi kuliko sote, na hukuwa unauliza habari za michezo. Masaa manane ya jasho, siku baada ya siku, na maji matupu na muhogo wa kuchemsha. Muhogo wenyewe hauna chumvi ya maana. Nikwambie ufanye nini: tia chumvi kwenye huo muhogo, au ule na dagaa au samaki wa chumvi. Nusu ya maji unayokunywa kwa siku yatie ndimu, sukari na chumvi kwa kipimo cha lita nilichompa dogo. Nusu nyengine yabaki maji matupu. Enaji usiitegemee, ile ni kafeni na sukari nyingi zaidi, inakuchangamsha tu, na juu ya mti sitaki moyo wako uende mbio bila sababu.

Presha unayo?

mchuma_wa_Wete

Mie sina. Mama anayo.

Bi_Lishe

Basi wewe fanya. Mama asionje hata hayo maji ya chumvi. Mwenye presha au maradhi ya figo haongezi chumvi kwa maneno ya mtandaoni, anamuuliza daktari wake.

fundi_baiskeli

Hapo kwenye misuli kukaza napingana kidogo, Bi Lishe. Miye napanda baiskeli mpaka Nungwi na kurudi, na misuli imenikamata mara nyingi. Nikivuta vidole vya mguu kuja kwangu, inaachia hapo hapo, sekunde chache. Kama ni upungufu wa chumvi, kuvuta mguu kumenitilia chumvi ya wapi? Mimi nasema ni uchovu wa msuli.

Bi_Lishe

Fundi, hapo umenishika. Hata wataalamu wamegawanyika. Wapo waliopima wakimbiaji waliokamatwa na misuli na wasiokamatwa, chumvi ya damu ikawa haina tofauti ya maana, wakasema ni mishipa ya fahamu kuchoka na kuchanganyikiwa. Wapo wanaosema kuna watu wenye jasho la chumvi kali, na hao chumvi inawasaidia. Mimi nimeona wote wawili uwanjani. Na kukaza kwa usiku kitandani, kama kwa mchuma wetu, pengine ni jambo la tatu kabisa. Nimemwambia atie chumvi kwa sababu ya masaa yake ya jasho, sijamuahidi kuhusu msuli.

mchuma_wa_Wete

Sasa nifanye lipi?

fundi_baiskeli

Fanya yote, lakini si kwa pamoja. Wiki moja tia chumvi kwenye muhogo, usinyooshe. Wiki ya pili nyoosha misuli ya mguu kabla ya kulala, chumvi uache. Utuambie watoto waliamka wiki ipi.

Bi_Lishe

Fundi, ya kunyoosha ni sawa, lakini asiache chumvi wakati bado yuko juu ya mikarafuu. Aanze na chumvi, wiki ya pili aongeze kunyoosha.

nazi_na_kifuu

Watu wa visiwani mmeandika uzi mrefu hivi hakuna aliyetaja dafu! Dafu ndiyo dripu ya Mungu. Lina chumvi zote.

Bi_Lishe

Lina potasiamu nyingi sana, hilo kweli. Lakini jasho linatoa zaidi sodiamu, na dafu sodiamu yake ni ndogo kwa kawaida. Baada ya mpira ni kinywaji kizuri, kina sukari kidogo kuliko chupa ya rangi, na kimefungwa vizuri kuliko chupa yoyote. Kwa mchuma akinywa dafu alile na samaki wa chumvi. Mwenye maradhi ya figo asilizidishe, kwa hiyo hiyo potasiamu.

nazi_na_kifuu

Basi nikitia chumvi kidogo ndani ya dafu?

Bi_Lishe

Watu wanafanya. Mimi naona inaliharibia ladha yake, lakini hilo ni la ulimi wangu.

winga_mstaafu

Na Ramadhani inakuja. Sisi huwa tunacheza saa moja kabla ya futari. Nifanyeje bila ya maji kabisa?

Bi_Lishe

Chezeni baada ya Tarawehe. Kama lazima iwe kabla ya futari, iwe nusu saa ya mchezo mwepesi, imalizike karibu kabisa na adhana, na siku ya jua kali muache. Adhana ikiadhiniwa, maji na tende, halafu uji na sambusa zako. Hapo maji, sukari na chumvi vyote vimeshaingia.

winga_mstaafu

Sawa. Ripoti ya mwisho kwa leo: chupa za rangi nimeacha wiki ya tatu sasa. Nabeba lita moja ya maji yenye ndimu, narudi na robo yake. Kipindi cha pili nachoka vilevile kama nilivyokuwa nachoka na chupa ya buluu, kwa hiyo nadhani ni umri. Uzito 77.9 kabla ya mpira.

dogo_kikwajuni

Ami mizani ilete uwanjani Jumamosi, timu yetu yote inataka kujipima.

winga_mstaafu

Mke wangu ameificha.

mchuma_wa_Wete

Wiki ya kwanza ya chumvi imekwisha. Watoto wameamka mara moja, ilikuwa mara tatu. Lakini juzi mvua ilinyesha, sikupanda mti siku mbili, kwa hiyo sijui nihesabu vipi.